Tiketi Zilizopatikana Kirahisi Mno

Krismasi iliyopita mtaa mzima ulijua nimekata tiketi mapema. Nilihakikisha wanajua. Shemeji alipolalamika kwamba SGR ya kwenda Mombasa wiki ile hujaa kabla hajashika simu, nilimjibu, "Shemeji, wengine tunapanga."

Ilikuwa Novemba, niko kwenye kiti cha kinyozi. Nikabonyeza *639#, na kabla upande wa pili haujanyolewa nilikuwa na viti vitatu vya tarehe 23 Desemba, saa mbili asubuhi: changu, cha Mama Juma, na cha Juma, miaka saba, nusu nauli. Nafasi zilikuwa za kumwaga. Hapo ndipo ningeshtuka.

Desemba ikatangazwa treni ya ziada. Shemeji akairukia. Mimi hata tangazo sikulisoma. Nisome la nini?

Siku ikafika. Pale Syokimau mizigo ikapangwa mstari, mbwa wa polisi akapita akinusa, akaganda kwenye mkoba wetu. Ndani mlikuwa na kilo mbili za omena za mama mkwe. Abiria wakatutazama kama wauza bangi. Nikajisemea, basi aibu ya leo imeshapita.

Dada wa langoni akasoma tiketi, akaangalia kitambulisho, akaniangalia mimi.

"Baba, hii ni ya kutoka Mombasa kuja Nairobi."

"Lakini saa si ni ile ile?"

"Ndiyo. Saa mbili moja inatoka huku, saa mbili nyingine inatoka kule."

Nikaelewa yote kwa mpigo. Kabla ya Krismasi watu wanamiminika pwani. Treni za kupanda Nairobi ndizo zenye nafasi. Zikigeuka kujaa ni baada ya mwaka mpya, shule zikikaribia kufunguliwa. Mwezi na nusu nimejisifia viti ambavyo hakuna aliyevitaka, na muda huo vilikuwa vinajiandaa kuondoka Miritini, kimoja cha dirishani, bila makalio.

Mama Juma hakusema neno. Afadhali angesema.

Dirisha la tiketi: leo zimejaa. Kesho zimejaa. Ya ziada nayo imejaa, na shemeji huyo anapita na soda mkononi, anatupungia.

"Tarehe 25 je?"

"Krismasi yenyewe? Hiyo zipo."

Bila shaka zipo. Mwenye kutaka pilau ya kwao alishafika jana yake. Nikatoa 3,750 upya, tukarudi nyumbani na omena zetu.

Tarehe 25 behewa lilikuwa tupu kiasi kwamba Juma alijinyoosha kwenye kiti cha watu watatu toka Emali hadi Voi. Tulifika Kisauni sufuria limebaki ukoko.

Jioni Mama Juma akachukua simu yangu kukata za kurudi. Akasoma kwa sauti, mara tatu, mbele ya ukoo wote: "Kutoka Mombasa. Kwenda Nairobi." Shemeji akauliza kama zile zangu za tarehe 23 haziwezi kutumika.