Hopa si ghala: kusaga kahawa nyumbani kwa hewa ya Mtwara

Kama mnywaji wa kahawa nyumbani kwako ni wewe peke yako, mwaga buni zote zilizo kwenye hopa, kile kikombe cha juu cha mashine yako ya kusagia, zirudishe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, kisha anza kupima dozi ya kikombe kimoja kimoja. Kama nyumba yako haikosi wageni kila jioni, acha hopa ifanye kazi yake. Huo ndio msimamo wangu. Wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawaulizani swali la kwanza kabisa: kwa siku unasaga vikombe vingapi?

Chukua jirani yangu mmoja pale Shangani. Anaishi peke yake, anakunywa espreso moja alfajiri kabla ya kwenda kazini. Kahawa yake ni arabika ya Mbinga, inayoshuka kwa basi kupitia Songea, Tunduru na Masasi, kwenye pakiti ya gramu 250. Akifika nayo nyumbani huikata na kuimimina yote kwenye hopa. Kikombe chake kinakula gramu 18, kwa hiyo pakiti inampeleka kama siku 13 hivi. Maana yake buni za juu kabisa zinakaa karibu wiki mbili ndani ya kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye mfuniko uliowekwa tu juu, jikoni, kwenye joto letu hili.

Buni iliyokaangwa huwa kavu sana, na hufyonza unyevu wa hewa kwa haraka. Tangu itoke kwenye kikaango inaendelea kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi ikipungua hewa ya oksijeni inapata nafasi ya kuharibu mafuta na harufu. Joto huharakisha yote hayo. Huko Mbinga, kwenye baridi ya milimani, unaweza kuisahau hopa wiki nzima na usione tofauti kubwa. Hapa pwani, hasa miezi ya mvua kuanzia Desemba, siku tatu nne zinatosha. Dalili yake kwa espreso ni povu la juu: linakuwa jepesi, linapauka na kupotea kabla hujashika kijiko. Kama kahawa imekaangwa hadi kuwa nyeusi, utaona pia utando wa mafuta kwenye kuta za hopa. Ule utando ukichacha, kila kahawa utakayoiweka humo itabeba harufu yake.

Lakini hopa ni nusu ya habari tu. Nusu nyingine iko chini yake, kwenye meno ya kusagia na njia ya kutokea unga, na hapo ndipo wengi hawaangalii. Kila mashine inabakiza unga kidogo ndani. Mashine nyingi za nyumbani zilizotengenezwa kwa ajili ya hopa hubakiza gramu kadhaa. Unga unapoteza ladha haraka kuliko buni, kwa sababu punje imevunjwa vipande vidogo mno na kila kipande kimekutana na hewa. Tuseme mashine ya jirani yangu inabakiza gramu 3. Kikombe chake cha alfajiri kina gramu 15 za leo na gramu 3 za jana, yaani sehemu moja kati ya sita ni unga uliolala.

Dawa ya kawaida ni kusaga kidogo na kutupa kabla ya kusaga cha kunywa. Akitupa gramu 4 kila asubuhi, kila kikombe sasa kinamla gramu 22. Pakiti inakwisha kwa siku 11, na gramu 44 zimeishia kwenye ndoo ya taka. Kwa kahawa iliyolipiwa nauli kutoka Mbinga, mimi siwezi. Sasa linganisha na nyumba ya mjomba wangu Mikindani, ambako vikombe sita kwa siku ni kawaida. Anatupa gramu 4 zilezile mara moja asubuhi, halafu anasaga gramu 108 siku nzima, kila kikombe kikisukuma masalia ya kikombe kilichotangulia dakika chache tu. Pakiti yake haifiki siku tatu. Kwake yeye hopa haina tatizo lolote, na kumwambia apime dozi sita kwenye mzani mdogo huku wageni wamekaa barazani ni kumtesa bure.

Nilipomweleza hivyo alicheka. "Mwanangu, mimi nibonyeze kitufe tu. Mzani waachie wauza dhahabu."

Kuna kosa moja watu hulifanya wakisha kusikia habari ya kupima dozi moja. Wanachukua mashine ileile ya hopa, wanatia gramu 18 peke yake, wanasaga bila kugusa mpangilio wa meno, halafu espreso inatoka mbio kama maji. Wanalaumu kahawa. Sababu yake ni uzito. Hopa ikijaa, buni za juu zinazikandamiza za chini na kuzilazimisha kuingia kwenye meno kwa mfululizo. Ukitia kiganja kimoja tu, buni za mwisho hazina kitu cha kuzisukuma. Zinarukaruka juu ya meno, zinaingia moja moja, na unga unatoka mkubwa zaidi na usio sawa. Ukiwahi kusimama mashine ya kusaga mahindi pale hopa inapokaribia kuisha, unaijua ile sauti ya punje zikigonga bati.

Kwa mfano, umepanga mashine yako hopa ikiwa imejaa, gramu 18 zinakupa gramu 36 za espreso kwa sekunde 28. Buni zikibaki za dozi moja tu, kwa mpangilio uleule, unaweza kuona kikombe kinajaa kwa sekunde 22 na ladha imeingia uchachu. Anayetumia hopa anakutana na mabadiliko haya kila pakiti inapofika mwisho, tena mashine yake ikiwa inapima kwa sekunde badala ya uzito, hata kiasi cha unga kinabadilika bila yeye kujua. Dawa kwake ni kutoruhusu hopa ishuke chini ya theluthi. Anayepima dozi moja anarukiwa na buni kila siku, ila kila siku ni vilevile. Akikaza meno alama moja au mbili mara moja, ili unga uwe laini zaidi, amemaliza, hana haja ya kuyagusa tena hadi abadilishe kahawa. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya dozi moja, kubwa hata kuliko ubichi wa kahawa, na sioni ikitajwa inavyostahili.

Kazi yenyewe ya asubuhi si ndefu. Pima gramu 18 kwenye kikombe kidogo. Washa mashine kwanza, kisha mimina buni. Ikiisha kusaga, iache izunguke sekunde chache huku ukiigonga gonga ubavuni kwa kiganja. Ikiwa ina kipulizio cha mpira juu, kibonyeze mara mbili tatu. Pima unga uliotoka. Ukipata 17.8 uko sawa. Ukipata 16.5, kitu kimeziba njia ya kutokea. Na kwa hali yoyote usisukume buni kwa kidole.

Tahadhari moja hapa: mzani kusema umetia 18 na umepata 18 hakumaanishi kwamba hakuna unga wa jana. Huenda gramu 2 za leo zimebaki ndani na gramu 2 za jana zimetoka badala yake, na mzani hauwezi kujua. Jaribio lake ni rahisi na linapendeza macho. Saga dozi moja ya kahawa iliyokaangwa kidogo, ya kahawia, kisha saga dozi ya kahawa nyeusi na upokee unga kwenye sahani nyeupe kidogo kidogo. Angalia rangi. Unga wa kahawia utakaoonekana mwanzoni, kabla ya rangi kuwa nyeusi tupu, ndiyo masalia yenyewe. Fanya jaribio hili kabla ya kununua mashine ya mtumba, maana muuzaji atakuapia kwamba haibakizi kitu.

Video nyingi za kahawa zinasisitiza kudondoshea buni tone la maji kabla ya kusaga, kuzuia umeme tuli usirushe unga kila mahali. Ushauri huo ni mzuri kwa nchi zenye hewa kavu. Huku kwetu, miezi ya mvua hewa yenyewe imeshafanya kazi hiyo. Mimi hudondosha tone wakati wa kusi tu, nikiona unga unanata ukutani mwa kikombe. Tena tone hilo ni la anayepima dozi moja. Maji kwenye hopa yenye buni za wiki nzima ni kuharibu kahawa na kualika kutu kwenye meno.

Wanaogandisha dozi kwenye friza nao wajue jambo moja la pwani. Kifungashio kilichotoka kwenye baridi kikifunguliwa na kuachwa mezani, umande unashika buni papo hapo. Ama saga mara moja ikiwa bado baridi, ama kiache kimefungwa hadi kifikie joto la chumba.

Na umeme? Ukikatika mashine ikiwa katikati ya kusaga, meno yanasimama yakiwa yamejaa buni, na umeme ukirudi injini inaanza kazi ikiwa imebanwa. Zima swichi kwanza. Mwenye hopa afunge kile kilango cha chini, aipakue hopa, alegeze meno kidogo, ndipo awashe. Mwenye dozi moja ana gramu zisizozidi 18 za kushughulika nazo, ila hana kilango, kwa hiyo inambidi aigeuze mashine juu chini. Aliye na mashine ya mkono hana habari na haya yote, na mashine ya mkono nzuri hubakiza unga kidogo sana. Kwa mnywaji mmoja kama jirani yangu, ningemshauri hiyo kabla ya mashine ya umeme ya bei kubwa.

Kuna kahawa ambayo mjadala huu wote hauigusi sana. Kahawa chungu ya kuchemshwa na tangawizi, inayonywewa kwa kashata, sidhani kuna ulimi utakaozitambua gramu 3 za jana ndani ya buli. Huko bonyeza kitufe, saga kwa hopa, wape watu wanywe.

Kwa nyumba ya katikati, yenye mnywaji mmoja siku za kazi na umati Jumapili, mimi hufanya hivi: hopa inakaa tupu wiki nzima. Wageni wakija natia kiasi cha jioni ile na cha akiba kidogo, tuseme gramu 120 kwa vikombe vitano, nalegeza meno ile alama niliyoikaza, kikombe cha kwanza naonja mwenyewe. Wakiondoka, nafunga kilango, naipakua hopa, buni zilizobaki zinarudi kwenye chombo chake, na hopa inafutwa mafuta kwa kitambaa kikavu. Kesho yake dozi ya kwanza ni ya kutupa.