Runinga ya bei dukani usiikatie umeme

Wenye maduka wengi wanaoonyesha bei kwenye runinga huanza kwa flashi iliyojaa picha na plagi yenye saa ya kukata umeme. Nami nilianza hivyohivyo, na sasa naipinga njia hiyo. Umeme ukirudi asubuhi, runinga nyingi hubaki zimelala zikisubiri rimoti. Hata ile inayowaka yenyewe, mara nyingi huishia kwenye menyu ya mwanzo, na picha za flashi hazianzi mpaka mtu azifungue.

Afadhali runinga ibaki na umeme muda wote, na amri ya kuwaka na kulala itoke kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi kupitia waya uleule wa HDMI unaopeleka picha. Picha zinazunguka kwenye kompyuta usiku na mchana. Kinacholala ni kioo tu. Kwanza washa HDMI-CEC, njia inayopitisha amri hizo, kwenye menyu ya runinga, ambako huenda ukaikuta kwa jina la Anynet+, Simplink au Bravia Sync. Kisha weka programu ya `cec-utils` kwenye kompyuta, fungua ratiba ya amri kwa `crontab -e` na uandike:

```
0 8 * * * echo 'on 0' | cec-client -s -d 1
1 8 * * * echo 'as' | cec-client -s -d 1
0 20 * * * echo 'standby 0' | cec-client -s -d 1
```

Duka langu linafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 2 usiku. Angalia vizuri: kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 2 asubuhi ni 8. Ukiandika 2, runinga itawaka saa 8 usiku, duka likiwa limefungwa. Mstari wa kati unaiambia runinga ihamie kwenye HDMI ya kompyuta. Bila huo inaweza kuwaka ikaonyesha kitu kingine kabisa.

Runinga yangu ilikuwa ikizima kila siku saa 6 mchana. Nilibadilisha waya, nikalaumu kompyuta. Jibu lilikuwa kwenye hesabu: kutoka saa 2 hadi saa 6 ni saa 4 kamili. Runinga nyingi hujizima zisipoguswa na rimoti kwa muda huo, ili kuokoa umeme. Tafuta kipengele hicho kwenye menyu, mara nyingi `Auto Power Off`, ukizime. Usikichanganye na `Sleep Timer`. Hivyo ni viwili tofauti.

Kuna tatizo umeme wa mtaa ukikatika: Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani. Zikiwaka tena bila intaneti, saa yao inabaki nyuma, na runinga inachelewa kuwaka kwa takriban muda ule umeme ulipokuwa umekatika. Ukiona hivyo, usiiguse `crontab`. Funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake, kisha urekebishe saa mara moja.