Bei yenye VAT ndani au VAT juu, ipi inamfaa mnunuzi?

"Bati bei 35,400 VAT ndani, nimechukua 20, mbona invoisi imekuja 835,440?"

Kwa sababu mfumo umeipokea 35,400 kama bei isiyo na kodi. Mabati 20 ni 708,000 na kodi ilikuwa tayari humo ndani, sasa kompyuta imepiga 18% ya 708,000 ikapata 127,440, ikaijumlisha juu. Hapo umetozwa VAT mara mbili, na ubaya wake ni kwamba invoisi yenyewe ukiikagua haina kosa, maana 127,440 kweli ni 18% ya mstari wa juu yake, so utalikamata kwa kulinganisha na bei uliyopewa dukani tu.

Hesabu sahihi unachukua 708,000 unagawa kwa 1.18, unapata 600,000 kabla ya kodi, VAT 108,000. Wengine wanakata 18% ya 708,000 moja kwa moja wanabaki na 580,560, hiyo nayo si sawa, ukiirudishia 18% inakuja kama 685,061, haifiki 708,000. Ile 18% inahesabiwa kwenye bei kabla ya kodi, ndo maana ukiitoa ndani ya jumla unazidisha kwa 18 kisha unagawa kwa 118.

Sasa ipi bora? Kwa mama anayeezeka nyumba yake Ujiji, bei yenye kodi ndani naona ndo ya haki kabisa, anajua anatoa shingapi kabla hajakodi kirikuu cha kubebea. Ila kontrakta aliyesajiliwa VAT anaangalia ile 600,000, maana 108,000 anaidai kwenye ritani yake akiwa na risiti ya EFD yenye TIN yake na namba yake ya VAT, yaani VRN. Duka la Mwanga lisilosajiliwa VAT likimpa mabati hayohayo kwa 690,000 linaonekana rahisi, kumbe kwake ni ghali kwa 90,000 kwa vile hakuna VAT ya kudai pale (na duka hilo haliruhusiwi kabisa kuandika mstari wa VAT, ukiuona uliza VRN). Yule mama yeye achukue ya 690,000, kwake ndo nafuu kweli.

Bei yenye kodi ndani nayo ina usumbufu wake. Misumari ya 5,000 ukiitoa kodi inabaki 4,237.29, mfumo ukikata senti kwa kila pakiti ukabaki na 4,237 kisha ukarudishia 18%, pakiti 7 zinakuja 34,997.62 badala ya 35,000. Tofauti ya shilingi mbili hivi inatokana na senti zilizokatwa tu, usigombane na keshia. Ikiwa jumla imezidi bei ya dukani kwa 18% kamili, kama hii yako, usilipe kwanza, mwambie abadili mpangilio wa bei kwenye mfumo na atoe invoisi upya kabla risiti ya EFD haijachapwa, kwa sababu ikishachapwa mauzo yanakuwa yameshafika TRA na kuyarekebisha inabidi watoe kredit noti.