Kile kitanda cha kubebea wagonjwa

Mwezi uliopita, hapa Bukavu, nilimsaidia muuguzi mmoja wa Kadutu kujiandaa kwa usaili wa kazi ambao ungefanyika kwa Kiswahili sanifu. Tulipokuwa tukifanya mazoezi, alianza kueleza jinsi walivyomshusha mama mjamzito kutoka mlimani: "Tulimlaza kwenye ile…" Hapo akanyamaza. Neno alilolitafuta ni machela. Kichwani mwake yalikuja tipoyi, analolijua tangu utotoni, na brankari, la hospitalini, lakini alijua kwamba miongoni mwa wasaili angekuwepo mzee wa Kigoma ambaye huenda asingeyaelewa yote mawili. Alikaa kimya, akaomba radhi, kisha akaanza hadithi upya, na alipofika palepale akakwama tena.

Walimu wengi wangemshauri ajifunze msamiati zaidi. Mimi siafiki, kwa kuwa machela alikuwa analijua. Mwaka 1966, wanasaikolojia wa Marekani Roger Brown na David McNeill waliwasomea wanafunzi maelezo ya maneno adimu, na mara nyingi wale walioshindwa kulitaja neno waliweza hata hivyo kukisia herufi yake ya kwanza na idadi ya silabi zake. Neno lililo kwenye ncha ya ulimi halijapotea, ila halitoki, na anayelisubiri huku watu wakimtazama anajiongezea wasiwasi tu.

Katika Kiswahili kuna kikwazo kingine ambacho sisi tuliosomea Kifaransa hatukioni upesi. Msemaji akishatamka "ile", ameshachagua ngeli, na kila nomino ya ngeli nyingine inayomjia inagongana na neno lililokwisha kutoka kinywani. Muuguzi wangu alikuwa na kitanda tayari, lakini "ile kitanda" ilimkera sikio, kwa hiyo akaliacha. (Mitaani kwetu husema hivyo bila haya, ila huo ulikuwa usaili.) Nilimwambia asirudi mwanzo wa sentensi, bali arudi hatua moja tu, hadi kwenye "kwenye", kisha abadilishe kiashiria: "kwenye ile… kwenye kile kitanda". Msikilizaji hushtushwa na ukimya mrefu kuliko na marekebisho madogo kama hayo.

Baada ya jina la jumla, kama vile kitanda, chombo, mtu au mahali, linalofuata liwe ni matumizi. Kiswahili kina kifaa chake kwa kazi hiyo, nacho ni kauli ya kutendea. Tunasema kisu cha kukatia nyama, maji ya kuogea, kamba ya kufungia mbuzi. Ile "-ia" au "-ea" humwonyesha msikilizaji kwamba tunataja kitu ambacho kazi hufanyika kwa msaada wake. Kwa hiyo "kitanda cha kubebea wagonjwa" kina karibu maana yote ya machela katika maneno manne. Hata kipimajoto na kipazasauti ni maelezo ya matumizi yaliyogeuka kuwa majina, basi anayeeleza namna hiyo hajatoka nje ya lugha. Aliyekimbilia "nanihii" ndiye asiyemwambia mtu chochote.

Umbo huja baadaye, na huhitajika pale tu msikilizaji anapoelekea kwingine. Niliposema, kwa makusudi, "Kile chenye magurudumu?", muuguzi alijibu: "Hapana, hakina magurudumu. Kina miti miwili ya kushikia, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma." Kukanusha jambo moja kulisaidia kuliko kuongeza sifa tano. Rangi na ukubwa nisingevigusa, kwani machela ya buluu na ya kijani ni machela tu.

Maneno yasiyoshikika kwa mkono hayana umbo wala mpini, hivyo huelezwa kwa tukio. Aliyesahau fidia aseme "pesa anazolipwa mtu kwa sababu mali yake imeharibiwa", na atafahamika. Lakini katika kazi ya uuguzi kuna mahali ambapo njia hii haifai kabisa: jina la dawa. "Vile vidonge vyeupe vya kushushia homa" ni maelezo mazuri ya sarufi na hatari kwa mgonjwa, maana vidonge vyeupe ni vingi. Hapo muuguzi anapaswa kusimama na kusoma kwenye pakiti au kwenye karatasi ya mgonjwa, hata ukimya ukiwa mrefu kiasi gani.

Siku ya usaili, kwa jinsi alivyonisimulia, neno lilimtoroka tena. Akasema "kile kitanda cha kubebea wagonjwa", na kabla hajafika kwenye miti ya kushikia, mzee wa Kigoma akaitikia, "Machela." Akajibu, "Ndiyo, machela," akalitumia mara mbili zaidi, na mama mjamzito akafikishwa barabarani.