Moyo ukienda mbio, nani anaamua kama ni hofu au furaha?

Dai lenyewe hutolewa hivi: hofu na furaha mwilini ni kitu kimoja, tofauti iko kwenye kile unachojiambia. Wahamasishaji wanalipenda, na hata baadhi ya wataalamu wa saikolojia hulisema bila wasiwasi. Ukiuliza ushahidi, mara nyingi utapelekwa kwenye jaribio moja la mwaka 1962, lililoandikwa na Stanley Schachter na Jerome Singer. Nimelisoma jaribio hilo zaidi ya mara moja, na naona lina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali, lakini halibebi mzigo wote ambao wapenzi wake wanalitwika.

Wanafunzi wa kiume wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliambiwa wanapimwa macho baada ya kuchomwa sindano ya vitamini iitwayo Suproxin. Vitamini hiyo haikuwepo. Wengi wao walichomwa adrenalini, ile homoni ambayo mwili huimwaga wenyewe mtu anaposhtuka, na dakika chache baadaye moyo ukaanza kudunda, mikono ikatetemeka na uso ukapata joto. Wengine walichomwa maji ya chumvi tu. Kati ya waliopata adrenalini, kundi moja liliambiwa ukweli kwamba sindano itawasababishia hali hizo. Kundi jingine halikuambiwa chochote. Lipo pia kundi lililodanganywa kwamba miguu itakufa ganzi na ngozi itawasha.

Kisha kila mmoja akawekwa kwenye chumba cha kusubiri pamoja na mwenzake, ambaye kumbe alikuwa mtu wa watafiti. Katika chumba kimoja huyo mtu aliigiza furaha: akafinyanga karatasi na kuzirusha kwenye kapu kama mpira wa kikapu, akatengeneza ndege za karatasi. Katika chumba kingine aliigiza hasira huku wote wawili wakijaza fomu yenye maswali ya matusi. Moja liliuliza mama yako amewahi kutoka nje ya ndoa na wanaume wangapi, na jibu dogo kabisa la kuchagua lilikuwa "4 au chini ya hapo".

Matarajio yalikuwa wazi. Aliyejua kwamba moyo unadunda kwa sababu ya sindano asingehitaji maelezo mengine, kwa hiyo angebaki mtulivu. Asiyejua angetafuta sababu mle chumbani, akamwona mwenzake anafurahi au anakasirika, na kuamua kwamba naye ana hali hiyo hiyo. Jambo hilo kwa kiasi fulani lilitokea. Katika chumba cha furaha, waliojulishwa walijipa wastani wa alama 0.98 za furaha, na wasiojulishwa 1.78.

Hapo ndipo vitabu vingi husimama. Wangeendelea kidogo tu wangekuta kwamba waliochomwa maji ya chumvi, ambao hawakuwa na dawa yoyote ya kuwachangamsha, walijipa 1.61. Tofauti kati yao na wasiojulishwa ni ndogo mno kuweza kutegemewa. Nacho chumba cha hasira kina mushkeli wake: hata wale waliochomwa adrenalini bila kuelezwa, waliotukanwa na fomu na kuzungukwa na mtu anayefoka, walijieleza kuwa na furaha zaidi kuliko hasira, kwa wastani wa 1.39. Huenda waliona aibu kuonekana wamemkasirikia mwalimu anayewapa alama za ziada za somo. Watafiti wenyewe walilifikiria hilo, na walipotazama matendo badala ya majibu ya fomu walipata picha iliyo karibu zaidi na matarajio yao. Lakini kama hasira inaonekana kwenye matendo na mwenyewe hasemi anaihisi, basi swali letu, ambalo ni juu ya kile mtu anachohisi, bado halijajibiwa.

Mwaka 1979 pigo likaja kutoka Stanford na Berkeley. Gary Marshall na Philip Zimbardo walirudia chumba cha furaha kwa adrenalini, na Christina Maslach alitumia njia tofauti, akawalaza watu kwa hipnozi na kuwaagiza miili yao ichangamke bila wao kukumbuka kwa nini. Wote walikuta kitu kimoja. Mtu ambaye moyo wake unakimbia bila sababu anayoijua haazimi hisia ya jirani yake kirahisi hivyo. Huwa anakosa raha, hata akikaa na mtu anayecheka. Schachter na Singer walijibu kwamba vipimo na mbinu za majaribio hayo mapya havikufanana na vyao, na hoja yao si ya kupuuzwa, ila tangu hapo ni vigumu kusema kwamba mdundo wa moyo usio na maelezo ni karatasi nyeupe inayosubiri kuandikwa. Tayari ina doa, na doa lenyewe ni la wasiwasi.

Mantiki yake haiko mbali. Moyo ukikimbia wakati unapanda mlima, mwili na ubongo vinaelewana: miguu inahitaji damu. Ukikimbia umekaa kwenye kiti, kitu fulani hakiko sawa, na kiumbe anayedhani ni hatari hata pale ambapo si hatari ataishi muda mrefu kuliko anayedhani kinyume.

Je, tafsiri basi haina kazi? Inayo, tena kubwa, na ushahidi mzuri zaidi hautoki kwenye vyumba vya wanafunzi bali kliniki. Mwaka 1986 David Clark wa Oxford alieleza shambulio la hofu kama mzunguko. Tuufuate hatua kwa hatua.

Chukua karani wa miaka 30. Hajala asubuhi, amekunywa vikombe viwili vya kahawa kavu, na lifti imeharibika kwa hiyo amepanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Anakaa mezani moyo unapiga 120 kwa dakika. Akijiambia "hizi ngazi hizi", baada ya dakika mbili tatu amesahau. Lakini mwezi uliopita baba yake mdogo alianguka ghafla na kufa, na watu msibani walisema ni presha. Basi anashika kifua na kujiuliza kama zamu yake imefika. Wazo hilo lenyewe linaamsha adrenalini, moyo unaongeza kasi. Anaanza kuvuta pumzi haraka haraka akidhani hewa haitoshi, na hapo anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana na kichwa kinakuwa chepesi. Vidole na midomo vinaanza kufa ganzi. Kila dalili mpya inakuwa shahidi wa wazo la kwanza. Kwa kawaida hali hufikia kilele ndani ya dakika kama kumi, kisha inashuka, na yeye anabaki anaamini aliponea chupuchupu.

Ngazi na kahawa vilikuwa vile vile katika hadithi zote mbili. Kilichotofautiana ni maelezo, na maelezo hayakubadilisha jina la hisia tu, yalibadilisha mwili wenyewe. Hili Schachter hakulisisitiza vya kutosha. Kwake mwili ulitangulia, akili ikafuata kuupa jina. Kwa karani wetu vinafukuzana.

Tiba iliyojengwa juu ya hoja hii inafanya kazi kwa wagonjwa wengi, jambo ambalo kwangu ni ushahidi mzito kuliko alama za furaha za wanafunzi. Kwanza daktari anaondoa sababu za kweli, maana upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na hitilafu za mdundo wa moyo haviponywi kwa kubadilisha tafsiri. Kisha mgonjwa anaandika utabiri wake, kwa mfano "nikipumua haraka dakika moja nitazimia". Anapumua haraka dakika moja. Kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, hazimii. Anarudia, siku nyingine anakimbia akiwa amesimama mahali pamoja, au anapumulia mrija. Zoezi huharibika pale anapojikinga kimyakimya: ameshika chupa ya maji, ameegemea ukuta, anahesabu mapigo kwenye mkono. Hapo anaondoka akisema "leo chupa imeniokoa", na wazo la zamani halijaguswa.

Ningeweza kuishia hapo nikiwapa ushindi watu wa tafsiri, kama si utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Justin Feinstein na wenzake kuhusu mgonjwa anayejulikana kwa herufi SM. Ugonjwa adimu umeharibu amigdala zake zote mbili, sehemu ya ubongo inayohusishwa sana na hofu. Haogopi nyoka, haogopi filamu za kutisha. Watafiti walimvutisha pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa, kiwango kinachompa mtu hisia ya kukosa pumzi ghafla. Alishikwa na hofu kali. Wagonjwa wengine wawili wenye madhara kama yake walifanya vivyo hivyo. Hawa ni watu ambao kwa vitisho vya nje hawatafsiri hatari kama sisi, na mwili haukuwasubiri watafsiri. Ishara ya kukosa hewa ilikuja na maana yake mkononi.

Kwa hiyo ishara za mwili hazilingani. Kukosa hewa karibu hakuna nafasi ya mjadala. Moyo kukimbia kunaiacha nafasi hiyo, na ni humo tu tafsiri inapofanya kazi. Hata humo si lazima tafsiri iwe sentensi mtu anayojisemea. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford waliharakisha mioyo ya panya kwa mwanga, kutoka mapigo kama 660 hadi 900 kwa dakika. Panya waliokuwa mahali salama hawakubadilika sana. Waliowekwa kwenye mazingira yenye hatari wakawa waoga kuliko kawaida, na watafiti walipozima sehemu ya ubongo iitwayo insula, inayopokea habari za ndani ya mwili, woga huo ulipungua. Panya hajiambii chochote, lakini mazingira yaliamua mdundo ule ule uwe na uzito gani.

Hilo linanifanya niwe mwangalifu na ushauri wa kujiambia "nina hamu" badala ya "naogopa" kabla ya kuhutubia. Alison Wood Brooks wa Harvard aliujaribu kwenye utafiti wa mwaka 2014, na waliojiambia hivyo walihutubia vizuri zaidi kuliko waliojiambia "nimetulia", wakaimba vizuri zaidi kuliko waliojiambia "nina wasiwasi". Naona sababu yake ni kwamba hawakulazimika kubishana na moyo. Waliuacha ukimbie na kuupa kazi. Lakini wale walikuwa na jukwaa mbele yao, na jukwaa linaweza kweli kuwa la hamu. Anayeamka saa nane usiku moyo ukigonga, chumba kimya, hana kitu cha kuwa na hamu nacho, na sentensi hiyo haitakuwa na mahali pa kushika.