Wakwe wa Akbar: Wamoghul walitawala na Warajputi, au juu yao?

Mapema mwaka 1562 Raja Bharmal wa Amber alikuwa taabani. Ufalme wake ulikuwa mdogo, kule Rajasthan, nchi ya Warajputi, koo za wapiganaji wa Kihindu, karibu na ulipokuja kujengwa mji wa Jaipur. Jamaa zake wengine walikitaka kiti, na gavana wa Wamoghul, ukoo wa Kiislamu uliotawala kaskazini mwa India, aliyekaa Ajmer, Sharafuddin Husein, alikuwa amemtoza fedha kwa nguvu na kuwachukua watu wa nyumba yake mateka. Bharmal akamruka gavana, akaenda kwa mkubwa wake. Akamkuta mfalme Akbar, kijana wa miaka 19, akiwa safarini kuzuru kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti. Akatoa ahadi ya utii na kumwoza binti yake. Mateka wakarudishwa. Binti huyo ndiye aliyemzaa Jahangir, mfalme aliyemfuata Akbar. Ama gavana, Mwislamu na mtu wa asili ya Asia ya Kati kama Akbar mwenyewe, hakuchukua muda akaasi.

Watu wakibishana kuhusu Wamoghul, ndoa hii haikosi kutajwa. Wapo wanaoiona ni ushahidi wa dola iliyokaribisha kila mtu, Mwislamu na Mhindu, Mwajemi na Mrajputi. Wapo wanaosema ni utekaji uliovikwa nguo za harusi: Bharmal hakuwa na hiari, na mwanamke hakuulizwa. Kila upande una hoja, lakini nadhani zote mbili zinaanzia kwenye dini na kuupita ugomvi wenyewe uliokuwa mezani, nao ni nani ale mapato ya ardhi ipi, na kwa muda gani.

Tuanze na shida ya Akbar. Babu yake Babur aliingia India mwaka 1526 na makamanda wa Kituruki waliomwona mfalme kuwa mkubwa miongoni mwa wakubwa, si zaidi. Baba yake, Humayun, alipoteza nchi yote, akakimbilia kwa Shah Tahmasp wa Uajemi, akarudi na wapiganaji na wachoraji wa Kiirani. Akbar alirithi baraza lenye mabwana waliojiona wana haki sawa naye. Kati ya 1564 na 1567 makamanda wa Kiuzbeki walimwasi. Mwaka 1580 maofisa wa Bihar na Bengal waliasi tena, safari hii wakimtangaza ndugu yake wa Kabul kuwa mfalme. Katika hali hiyo Mrajputi alikuwa na sifa moja iliyowapita wote, kwamba hakuwa na namna ya kudai kiti cha Timuri, babu wa ukoo wa Akbar. Alikuja na askari wake wa ukoo, na akiinuka aliinuka kwa mkono wa Akbar. Kwa hiyo Warajputi na Wairani waliingizwa ili kuwapunguza nguvu Waturani, yaani mabwana wa asili ya Asia ya Kati. Huruma na udadisi wa Akbar juu ya dini vilikuwepo, ila hesabu hiyo nayo ilikuwepo tangu mwanzo.

Chombo cha kuwafunga watu hao pamoja kiliitwa mansabu. Kila ofisa alipewa cheo kwa tarakimu. Tarakimu ya kwanza ilionyesha hadhi na mshahara wake, na baadaye ikaongezwa ya pili iliyotaja idadi ya wapanda farasi aliotakiwa kuwaweka tayari. Farasi walipigwa chapa ya moto na askari wakaandikwa sura zao, maana maofisa walizoea kuazima farasi siku ya gwaride na kuwarudisha jioni. Mshahara haukutoka hazina kwa wengi wao. Walipewa jagiri, yaani haki ya kukusanya kodi ya eneo fulani, na kila miaka mitatu au minne wakahamishwa ili wasiote mizizi. Ofisa akifa, mali yake iliweza kushikwa na serikali mpaka madeni yake yahesabiwe.

Hapa ndipo Warajputi walipopewa kitu ambacho wengine hawakupewa. Nchi ya mababu zao iliachwa mikononi mwao kama jagiri ya nyumbani, isiyohamishwa. Man Singh, mjukuu wa Bharmal, alikuwa gavana wa Kabul, kisha Bihar, kisha Bengal, huko kote akila mapato ya maeneo ya kupita, lakini Amber ilibaki Amber. Mwaka 1576 ndiye aliyeongoza jeshi la Akbar pale Haldighati dhidi ya Rana Pratap wa Mewar, Mrajputi mwenzake, ambaye naye miongoni mwa makamanda wake alikuwamo Mwafghani Mwislamu, Hakim Khan Sur. Anayetaka kuvigeuza vita hivyo kuwa vya Uhindu na Uislamu ana kazi.

Man Singh mwenyewe ni kielelezo kizuri cha mchanganyiko huo. Alijenga hekalu la Govind Dev kule Vrindavan, likakamilika 1590, kwa mawe mekundu yaleyale ya majengo ya Akbar, na matao na kuba za ndani ambazo fundi wa Kiirani angezitambua. Kule Rajmahal alijenga pia msikiti. Akbar alipowavuta watu wa karibu kwenye mduara wake wa kiroho, inasimuliwa kwamba Man Singh alijibu: mimi ni Mhindu, ukiniamuru nitakuwa Mwislamu, lakini njia ya tatu siijui. Akaachwa, na akafikia cheo cha 7,000, ambacho kabla yake kilikuwa cha watoto wa mfalme.

Upande wa kalamu ulikwenda mbali kuliko wa upanga. Todar Mal, Mhindu wa jamii ya Khatri aliyesimamia fedha, ndiye aliyepanga kodi kwa wastani wa mavuno na bei za miaka kumi, takribani theluthi moja ya mazao, ilipwe kwa fedha taslimu. Na ndiye anayehusishwa na agizo la 1582 la kufanya Kiajemi kiwe lugha ya hesabu mpaka ngazi za chini. Makarani wa Kihindu hawakuwa na la kufanya ila kujifunza, na wakajifunza kweli. Vizazi viwili baadaye, enzi ya Shah Jahan, mjukuu wa Akbar, mmoja wa waandishi waliosifiwa kwa Kiajemi chao alikuwa Chandar Bhan, na lakabu aliyojichagulia katika mashairi ni Brahman.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana hawasemi bure. Wa kwanza watakutajia Chitor. Mwaka 1568, miaka sita tu baada ya harusi ya Amber, Akbar aliiteka ngome hiyo ya Mewar, wanawake wa ndani wakajichoma moto, kisha akaamuru mauaji ya watu wanaokadiriwa kufika 30,000, wengi wao wakulima waliokimbilia humo. Aliyeijua habari ya Chitor alijua bei ya kukataa uwakwe. Wa pili watakuonyesha daftari. Kwa hesabu za wanahistoria, mnamo 1647 maofisa 445 kati ya 8,000 hivi walikula zaidi ya nusu ya mapato yote ya dola. Mkulima wa Doab, nchi iliyo kati ya mito Ganga na Yamuna, aliyelipa theluthi, na baadaye nusu, hakuonja ushairi wa Kiajemi. Na ofisa aliyejua kwamba mwaka ujao atahamishwa hakuwa na sababu ya kuchimba kisima. Hoja hii ya pili ndiyo inayonishika. Mchanganyiko ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa mabwana, na waliougharimia ni wengine.

Anayefuata kwenye mjadala huwa ni Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan aliyeshika kiti baada yake, na hapo simulizi rahisi huvunjika vibaya. Mwaka 1679 alirudisha jizya, kodi ya kichwa ya wasio Waislamu, iliyofutwa na Akbar mwaka 1564. Ungetarajia Wahindu wapungue barazani. Kinyume chake, miongoni mwa maofisa wa cheo cha 1,000 na zaidi, walikuwa kama asilimia 22 katika miaka yake ishirini ya mwanzo, na wakapanda hadi kama 32 baada ya 1679. Ukiifungua tarakimu hiyo unaona sababu: Warajputi walipungua kidogo, Wamaratha, wapiganaji wa Kihindu wa Dekani kusini mwa India, wakaongezeka sana. Mfalme alikuwa vitani Dekani, na alinunua maadui kwa vyeo.

Kununua huko kulihitaji ustadi ambao baraza lilikuwa limeupoteza. Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, alishindwa 1665 na Jai Singh, mzawa mwingine wa nyumba ya Amber, akakabidhi ngome 23 na kukubali kwenda Agra. Mei 1666 aliingizwa mbele ya Aurangzeb, akatoa zawadi, akapangwa kwenye safu ya maofisa wa 5,000. Hicho ndicho cheo ambacho mwanawe, mtoto wa miaka kama tisa, alikuwa ameshapewa. Akapaza sauti ya hasira palepale, akawekwa chini ya ulinzi, na miezi michache baadaye akatoroka. (Kwa msomaji wa Afrika Mashariki: baba yake Shivaji aliwahi kupigana upande wa Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaja kuwa mtawala wa Ahmadnagar na kuwasumbua Wamoghul mpaka kifo chake 1626. Jahangir hakumweza vitani, akachorwa kwenye picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar.)

Kosa la Marwar lilikuwa kubwa zaidi. Jaswant Singh, mtawala wa ufalme huo wa Kirajputi, alikufa Jamrud, mpakani mwa Afghanistan, Desemba 1678, akiwa kazini. Watoto wake wa kiume walizaliwa baada ya kifo chake. Aurangzeb akaiweka nchi chini ya serikali, kisha akampa kiti ndugu wa ukoo aliyeahidi rupia laki 36. Kwa sheria ya mansabu hakukosea, kwa kuwa marehemu alikuwa na madeni na mrithi hakuwepo. Lakini aliigusa ile jagiri ya nyumbani, yaani sharti lenyewe lililowaleta Warajputi tangu 1562. Ukoo ukapigana karibu miaka thelathini. Jizya iliwaudhi, bila shaka, ila hata Jai Singh na Jaswant hawangeona kosa kubwa kuliko kunyang'anywa kiti cha baba.

Wakati huohuo Dekani, jagiri ziliadimika. Ilikuwa kawaida makaratasi kutaja mapato makubwa kuliko yaliyopatikana, hata ikabuniwa mizani ya miezi: jagiri ya miezi minane ni ile inayoleta theluthi mbili tu ya iliyoandikwa. Zilipofika miezi minne au chini, ofisa hakuweza kulisha farasi alioandikiwa. Wamaratha wapya walipewa vyeo, na watumishi wa zamani wakabaki na karatasi bila ardhi. Dola yoyote inayomlipa kila rafiki kwa ardhi hufika hapo, awe mfalme mvumilivu au la.

Kilichodumu ni makarani. Shivaji aliagiza itungwe kamusi ya Kisanskriti ili maneno ya Kiajemi yatoke ofisini mwake, lakini barua za Wamaratha ziliendelea kujaa maneno hayohayo. Nayo Kampuni ya biashara ya Waingereza, iliyokuja kushika Bengal, iliandika mambo ya serikali na mahakama kwa Kiajemi mpaka 1837.