Asilimia 50 ya nani? Hesabu za kampeni zisomwe kwa macho

Kampeni ikimalizika hapa Mombasa, mteja huletewa ripoti ya rangi nzuri: mgao wa sauti, yaani sehemu yako katika kutajwa kote kwa kampuni za soko lako, asilimia hamsini, hisia chanya asilimia sabini na kitu. Watu wanapigiana makofi na bajeti ya msimu ujao inapangwa juu ya hizo namba mbili. Hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu namba zenyewe zinaweza kupimwa vizuri, tena bila gharama kubwa, mtu akikubali kukaa chini na kusoma.

Tuchukue mfano, namba zote za kubuni. Kampuni tatu zinauza intaneti ya nyumbani Nyali, Bamburi na Mtwapa. Ya kwanza, tuiite A, ina neno "bahari" ndani ya jina lake, na ndiyo yenye kampeni ya wiki mbili. B na C ni washindani. Programu ya ufuatiliaji inaleta posti na komenti 6,200: A imetajwa mara 3,100, B mara 1,800, C mara 1,300. Gawanya ya A kwa jumla, unapata nusu kamili. Ripoti nyingi huishia hapa.

Sasa fungua zile 3,100 uzisome. Utakuta kama 300 zinazungumzia bahari yenyewe: kusi limechachamaa, wavuvi hawajatoka, picha za ufuo wa Nyali. Utakuta 1,000 nyingine ni komenti za shindano, "nimeshare, nimetag watatu, nipeni router". Hizo hazisemi lolote kuhusu huduma; aliyeziandika angeziandika hata kama zawadi ingekuwa gunia la mchele. Halafu kuna 600 za hashtegi ya kulipiwa. Mwaka 2021 utafiti wa Mozilla ulieleza wazi jinsi watu wanavyolipwa Kenya kusukuma hashtegi Twitter, na dalili zake hazijifichi: maneno yale yale, hata kosa la herufi lile lile, akaunti kadhaa ndani ya dakika chache, na akaunti hizo jana zilikuwa zikisifu bidhaa nyingine kabisa.

Toa 1,900 hizo, A inabaki na 1,200. Washindani nao wasafishwe kwa kipimo hicho hicho, la sivyo umedanganya upande wa pili: B inabaki na 1,600, C na 1,200. Jumla ni 4,000. Mgao wa A umeshuka kutoka asilimia 50 hadi 30, na anayeongoza ni B mwenye 40.

Lakini hapo pia usikimbilie kumpa B hongera. Kutajwa sana si kupendwa. Huenda mtandao wake ulikatika siku tatu Bamburi na watu wakamjia juu. Ndiyo maana mgao wa sauti usiwekwe mezani peke yake bila hisia kando yake, na hisia hizo, kwa Kiswahili chetu cha Pwani, zisiachiwe programu.

Programu rahisi inahesabu maneno mazuri na mabaya. Ikisoma "Hongera kwa huduma nzuri, leo siku ya tatu sina mtandao", inaona hongera na nzuri, inaandika chanya. Ikisoma "Hawa jamaa ni hatari, speed noma!", inaona hatari na noma, inaandika hasi, na kumbe mteja amefurahi. "Fundi mwasema yuwaja, tangu juzi hatujamuona" haina neno baya hata moja, na ni lalamiko zito kuliko matusi. Kisha kuna komenti iliyoandikwa kwenye ukurasa wa A: "Bora nihamie B". Hiyo ni hasi kwa A na chanya kwa B, kwa hiyo lazima iainishwe kwa kila jina, si kwa posti nzima.

Namna ya kuifanya kazi ni hii. Katika posti zilizosafishwa, chagua kwa bahati nasibu 200 za kila kampuni. Usichukue zilizo juu, maana zilizo juu ndizo zilizopendwa sana au zilizolipiwa. Watafute wasomaji wawili, mmoja wao awe amekulia Pwani. Wape mwongozo wa ukurasa mmoja wenye mifano ya chanya, hasi na ya kati. Swali kama "Mnafika Mtwapa? Bei gani?" ni la kati, ila liwekee safu yake, kwa sababu huyo ni mnunuzi aliyesimama mlangoni.

Kabla ya kugawana kazi, wote wawili wasome posti 100 zile zile bila kuonana. Tuseme wamekubaliana 80. Usifurahi bado, maana hata wakibahatisha wangekubaliana kiasi fulani. Kama makubaliano ya kubahatisha yangekuwa 40, hesabu ya kappa, yaani kipimo cha makubaliano baada ya kutoa yale ya kubahatisha, ni:

```
kappa = (0.80 - 0.40) / (1 - 0.40) = 0.67
```

Hiyo inatosha kuendelea. Ikiwa chini ya 0.6, wasilaumiwe wasomaji. Mwongozo una utata. Kaeni na zile walizotofautiana, nyingi zitakuwa za kejeli, ongezeni mifano, mrudie kwa posti 100 mpya.

Tuseme majibu ni haya: A chanya 70, hasi 50, B chanya 30, hasi 110, C chanya 60, hasi 40. Toa hasi kwenye chanya, gawanya kwa 200: A ni +10, B ni −40, C ni +10. Sauti kubwa ya B ilikuwa kilio. Na A, kwa haki yake, ana chanya asilimia 35 dhidi ya 30 za C, lakini sampuli ya 200 inapepesuka kama pointi 7 juu au chini. Kwa tofauti ya pointi tano, hakuna mtu anayeweza kusema A amempiku C. Ripoti iseme hivyo hivyo, hata mteja akinuna.

Nakubali, programu ina kazi yake. Hakuna atakayesoma posti 40,000 kwa mkono, na idadi ikiruka ghafla saa nne usiku, programu ndiyo itakayokuamsha. Hesabu ya wingi iachiwe, hisia isiachiwe.

Makundi ya WhatsApp ya mtaani hayaonekani kabisa, kwa hiyo ripoti isijidai inasikia Mombasa nzima. Simu za wasikilizaji wa Pwani FM na Baraka FM zinasikika. Mtu akae azisikilize, aziainishe kwa mwongozo ule ule, lakini azihesabu kando.

Jambo moja huharibu kazi nzima kimyakimya: wasimamizi wa ukurasa kufuta komenti mbaya. Ukichota mwisho wa wiki, unapima kilichobaki baada ya ufagio. Chota kila siku, asubuhi na jioni, na uhifadhi nakala ya kwanza. Anza angalau wiki mbili kabla ya kampeni, kwa maneno yale yale ya utafutaji, maana bila hali ya awali hujui kampeni ilibadilisha nini. Ukilazimika kurekebisha maneno hayo katikati, rudia hesabu tangu siku ya kwanza kwa kampuni zote tatu.

Ondoa majina ya watu kwenye faili kabla ya kuzihifadhi, maana sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka uangalifu. Kampeni ijayo, kabla ya kugusa posti mpya, wasomaji waanze na 50 za zamani. Wakizisoma tofauti na mara ya kwanza, mabadiliko mtakayoyaona kwenye ripoti mpya huenda ni ya wasomaji, si ya wateja.